Ulighairi usajili lakini kadi bado inakatwa: maneno ya kuambia benki

Ni asubuhi, unashika simu na kukuta mesaji ya benki iliyoingia saa tisa usiku. Kadi yako imekatwa dola 9.99 na apu ambayo una hakika uliachana nayo. Hukuweka PIN. Hukutumiwa namba ya kuthibitisha. Pesa zimeenda tu, karibu shilingi 1,300 na kitu, na ukipiga hesabu unagundua si mara ya kwanza.

Hili ni moja ya malalamiko tunayopokea sana kutoka kwa wateja wanaolipia vitu mtandaoni kwa kadi, iwe ni kadi ya benki au ile ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za kwenye simu. Wengi hukimbilia jambo moja: kufunga kadi. Tukubali kwamba hata sisi tuliwahi kushauri watu hivyo hivyo. Si ushauri mbaya, lakini hautoshi, na wakati mwingine haufanyi kazi kabisa. Hapa tutafuata kisa cha mteja mmoja, fundi wa picha wa Nakuru, kwa sababu alipitia karibu kila kosa linalowezekana kabla ya kufaulu.

Kwanza, kwa nini kadi inakatwa bila kuulizwa

Siku ulipojisajili uliandika namba ya kadi, ukathibitisha kwa namba uliyotumiwa kwa SMS, na ukakubali masharti. Hapo ndipo ulipotoa idhini. Kuanzia siku hiyo, kampuni ya huduma huhifadhi namba mbadala ya kadi yako, inayoitwa tokeni (si ile ya stima), na kila mwezi inatuma ombi la malipo yenyewe. Ombi hilo linafika benki likiwa na alama kwamba ni malipo ya kujirudia ambayo mwenye kadi alishayakubali. Ndiyo maana hukuulizwa chochote. Na saa tisa usiku kwetu ni saa sita usiku kwa saa za kimataifa, wakati ambao mifumo mingine huanza kuhesabu siku mpya.

Linganisha na oda ya malipo unayoiweka mwenyewe kwenye menyu ya pesa za simu. Hiyo uliianzisha wewe, iko mkononi mwako, na ukiizima imezimika. Malipo ya kadi yanaanzishwa na upande wa pili. Swichi iko kwao. Benki haina swichi hiyo, ila ina mlango, na inaweza kuufunga ikiagizwa vizuri.

Fundi wetu anaanza vibaya

Tarehe 1 Februari alijisajili kwenye tovuti ya huduma ya kuhariri picha. Siku saba za kwanza ni bure, kisha dola 9.99 kwa mwezi. Tarehe 8 Februari akakatwa mara ya kwanza. Tarehe 10 akaamua haimfai, akaifuta apu kwenye simu, akasahau.

Kufuta apu si kughairi. Ni kama kutupa ufunguo wa nyumba ya kupanga na kudhani kodi imeisha. Tarehe 8 Machi akakatwa tena, na pesa hiyo ilikuwa halali yao, ingawa ilimuuma.

Akaingia Play Store kutafuta pa kughairi na hakuona kitu. Hapa watu wengi hukwama, kwa hivyo tulieleze polepole. Usajili unaghairiwa pale pale ulipolipiwa. Angalia jina lililo kwenye stetimenti yako. Likianza na GOOGLE *, basi ulilipia kupitia Google Play, na unaghairi ndani ya Play Store: bonyeza picha ya akaunti yako, nenda "Payments & subscriptions", kisha "Subscriptions", chagua huduma, bonyeza "Cancel subscription". Likisoma APPLE.COM/BILL, nenda "Settings" kwenye aifoni, bonyeza jina lako, kisha "Subscriptions". Lakini likiwa ni jina la kampuni yenyewe, kama lilivyokuwa la fundi wetu, Google na Apple hawahusiki hata kidogo. Lazima uingie kwenye tovuti ya kampuni hiyo, kwa barua pepe ile ile uliyojisajili nayo.

Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Tumeona mtu akighairi akaunti moja huku inayokata pesa ni nyingine aliyoifungua kwa barua pepe ya kazini. Kabla ya kulaumu yeyote, tafuta jina la huduma kwenye kila barua pepe unayotumia na uone risiti za kila mwezi zinaingia wapi. Akaunti inayopokea risiti ndiyo inayokatwa.

Tarehe 20 Machi fundi aliingia kwenye tovuti, akapitia kurasa tatu za "una uhakika?" na ile ya kumpa punguzo, akafika mwisho. Skrini ikasema mpango wake utaisha tarehe 8 Aprili. Akapiga skrinshoti.

Hapo sasa alikuwa ameghairi kweli. Kughairi katikati ya mwezi uliolipiwa kwa kawaida hakurudishi pesa ya mwezi huo. Kunazuia mwezi unaofuata. Kwa hivyo haki yake ilianza tarehe 8 Aprili. Siku hiyo akakatwa. Tarehe 8 Mei akakatwa tena.

Ushahidi ni tarehe

Mtu akitupigia simu na kusema "nilighairi," swali letu la kwanza ni: lini, na nini kinaonyesha? Mgogoro wote, kwa benki na kwa mtandao wa kadi, unasimama juu ya kitu kimoja: je, idhini iliondolewa kabla ya tarehe ya kukatwa? Skrinshoti ya ukurasa unaosema "Cancelled" bila tarehe, bila jina la akaunti, ni dhaifu.

Skrinshoti ya fundi ilikuwa na kasoro hiyo. Alikuwa ameikata pembeni ili imtoshee WhatsApp, na juu hapakuwa na saa wala jina. Kilichomwokoa ni kwamba picha ya awali ilikuwa bado kwenye simu. Ukifungua maelezo ya faili kwenye galari unaona siku na saa ilipopigwa. Pia alirudi kwenye akaunti yake na kupiga skrinshoti mpya ya ukurasa wa malipo, ukionyesha barua pepe yake na hali ya mpango: umeghairiwa, umeisha 8 Aprili. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa na nguvu zaidi, kwa sababu ni rekodi ya kampuni yenyewe ikikiri kwamba mpango uliisha siku ile ile waliyokata pesa.

Je, kama huna lolote? Umeghairi kwa simu, au kwa mazungumzo ya chati yaliyopotea? Basi tengeneza ushahidi leo. Andikia kampuni barua pepe ukitumia anwani uliyojisajili nayo. Sema mambo matatu tu: jina la akaunti, kwamba unaondoa idhini ya kukata kadi yako inayoishia na tarakimu nne fulani kuanzia leo, na kwamba unaomba kurudishiwa malipo ya tarehe kadhaa. Usiandike namba nzima ya kadi. Usiandike hasira pia, maana barua hiyo ataisoma mtu wa benki baadaye. Barua ya leo haitakusaidia sana kwa malipo ya mwezi jana, lakini malipo yoyote yatakayofuata yatakuwa yamekatwa baada ya idhini kuondolewa, na una tarehe ya kuonyesha.

Jambo moja zaidi ambalo watu hawaambiwi: ukishaghairi na kipindi ulicholipia kikaisha, usiitumie tena huduma hiyo. Kampuni ikipinga dai lako, kitu cha kwanza itakachotafuta ni rekodi kwamba uliingia na kuhariri picha kumi baada ya tarehe unayodai uliondoka. Kuingia kwenye ukurasa wa malipo ili kupiga skrinshoti hakuna shida. Kufanya kazi humo ni shida.

Kosa la benki: neno "nimeibiwa"

Tarehe 9 Mei fundi alienda tawi la benki yake. Alikuwa na hasira, na akasema kile ambacho wengi wetu tungesema: "Kuna watu wananiibia pesa kwa kadi."

Mhudumu akafanya kile anachopaswa kufanya akisikia wizi. Akafunga kadi, akaagiza mpya, akajaza fomu ya ulaghai. Fundi akalipia kadi mpya na kwenda nyumbani akiwa ametulia. Dai la ulaghai likaanguka baadaye, na si ajabu. Kampuni ilionyesha kwamba yeye mwenyewe alijisajili, kwa barua pepe yake, na kuthibitisha kwa namba aliyotumiwa kwenye laini yake. Huo si wizi wa kadi. Ni malipo yaliyoendelea baada ya idhini kuondolewa, na kwenye sheria za mitandao ya kadi hayo ni mambo mawili tofauti yenye mafaili tofauti. Kwa Visa, dai la usajili ulioghairiwa lina namba yake, 13.2. Kwa Mastercard linaingia chini ya 4853. Huhitaji kuzikariri hizi, ila ukiziandika kwenye barua yako, mtu wa kitengo cha kadi ataelewa mara moja unazungumzia nini.

Kisha tarehe 8 Juni ikafika. Kadi mpya ikakatwa dola 9.99.

Alitupigia akiwa na hakika kuna mtu ndani ya benki anauza namba. Hapana. Visa na Mastercard wana huduma ya kusasisha kadi: benki ikitoa kadi mpya badala ya ya zamani, namba mpya au tarehe mpya ya mwisho inaweza kupelekwa kwa kampuni zinazohifadhi kadi yako, ili malipo yako ya kawaida yasikatike. Ni huduma nzuri kama unalipia intaneti ya nyumbani. Ni balaa kama unajaribu kumkimbia mtu. Si kila benki inaitumia na si kila kampuni, lakini usihesabu kadi mpya kama suluhisho.

Vipi kuhusu kuacha kadi ya mtandaoni bila salio? Malipo yatakataliwa, sawa. Lakini kampuni nyingi hujaribu tena kwa siku kadhaa, na siku utakayoweka pesa ili ulipie kitu kingine, ombi lao linaweza kuwa la kwanza kufika. Kugandisha kadi kwenye apu kuna kasoro kama hiyo: kunazuia kila kitu, na ukiifungua umewafungulia nao. Tumia njia hizi kama breki ya dharura ya siku mbili tatu huku ukifanya yanayofuata.

Maombi mawili, si moja

Unapofika benki, au unapoandikia kampuni iliyokupa kadi ya mtandaoni, unaomba vitu viwili. Vitenganishe, kwa sababu vinashughulikiwa tofauti na mhudumu akisikia kimoja anaweza kufanya hicho tu.

La kwanza linahusu kesho: benki izuie malipo yoyote yajayo kutoka kwa kampuni hii kwenye kadi yako, hata kama kadi itabadilishwa. Mitandao ya kadi inazo huduma za benki kuzuia malipo ya kujirudia ya kampuni moja bila kugusa mengine. Ndiyo sababu unahitaji jina la kampuni herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye stetimenti, pamoja na kiasi. Jina unalolijua wewe kutoka kwa tangazo huenda silo.

La pili linahusu jana: benki ipinge malipo yaliyokwisha kukatwa, kila moja kwa tarehe yake. Hapa saa inahesabu. Kwa Visa na Mastercard, kwa aina hii ya dai, kipimo cha kawaida ni siku 120 tangu malipo yalipopitishwa, na benki yenyewe inahitaji sehemu ya siku hizo kufanya kazi yake. Kwa fundi wetu, malipo ya 8 Aprili yangefika mwisho tarehe 6 Agosti. Watu hungoja wakidhani kampuni itajibu, mwezi unapita, mwingine unapita. Ukishapata wiki mbili za kimya, nenda benki.

Ukiona malipo bado yameandikwa "pending", benki itakuambia usubiri hadi yapite rasmi ndipo yapingwe. Hilo si kukuzungusha. Ombi la kuzuia yajayo, hata hivyo, lipeleke siku hiyo hiyo.

Barua aliyopeleka tarehe 10 Juni ilikuwa fupi hivi:

"Kwa Meneja, Kitengo cha Kadi.

KUH: MALIPO YA KUJIRUDIA YALIYOKATWA BAADA YA KUGHAIRI

Mimi ni mwenye kadi inayoishia na ____. Nilijisajili kwa huduma inayoonekana kwenye stetimenti yangu kama ____ na nilikubali malipo ya kila mwezi. Tarehe 20 Machi niliondoa idhini hiyo kwa kughairi kwenye tovuti yao, na mpango ukaisha tarehe 8 Aprili. Hata hivyo nilikatwa dola 9.99 tarehe 8 Aprili, 8 Mei na 8 Juni. Sijatumia huduma hiyo tangu mpango ulipoisha.

Naomba mambo mawili. Mosi, mzuie malipo yote yajayo kutoka kwa kampuni hii, ikiwemo kwenye kadi yoyote itakayochukua nafasi ya hii. Pili, mpinge malipo matatu niliyoyataja, kama usajili ulioghairiwa. Hili si dai la kadi kuibiwa.

Nimeambatisha skrinshoti mbili, barua pepe niliyowaandikia, na stetimenti."

Tazama mambo mawili kwenye barua hiyo. Anakiri kwamba alikubali mwanzoni. Hilo halimdhoofishi, linamfanya aaminike na linaweka faili mahali pake. Na hakudai malipo ya Machi. Alitamani, kwa kweli, na alituuliza. Lakini kuchanganya malipo halali na yasiyo halali kunaipa kampuni nafasi ya kuonyesha kwamba dai moja ni la uongo, na kutoka hapo mengine yanatiliwa shaka.

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Ukituma kwa barua pepe, omba namba ya lalamiko. Ukiambiwa "zungumza na kampuni kwanza," onyesha barua uliyowaandikia, ulishazungumza. Ukiambiwa haiwezekani kuzuia kampuni moja, omba jibu hilo kwa maandishi. Mara nyingi mhudumu wa kaunta hajui huduma hiyo ipo, na swali likifika kitengo cha kadi linapata jibu tofauti. Benki ikikaa kimya au ikikataa bila sababu, unaweza kupeleka lalamiko kwa Benki Kuu ya Kenya, ukiambatisha ile nakala yenye muhuri. Bila kuonyesha kwamba ulianza na benki yako, utarudishwa huko huko.

Kwa wenye kadi za mtandaoni za kwenye simu: dai lako linaenda kwa aliyetoa kadi. Huenda ni benki mshirika ambayo jina lake liko kwenye masharti ya kadi. Kastoma kea ya huduma ya simu inapaswa kulipokea na kulifikisha. Sisi tunalipokea, lakini tukipokea sauti ya WhatsApp isiyo na tarehe yoyote tutakurudia kuomba zile karatasi zile zile.

Yaliyofuata

Benki ilipofungua dai, upande wa kampuni una muda wa kujibu. Baadhi ya benki hurudisha pesa kwa muda wakati huo, nyingine husubiri mwisho. Ukirudishiwa kwa muda usizitumie kana kwamba zimeisha kesi, maana zinaweza kuchukuliwa tena.

Kampuni ingeweza kushinda kwa kuonyesha mojawapo ya mambo machache: kwamba alighairi baada ya tarehe ya malipo, kwamba aliendelea kutumia, au kwamba alikuwa amejifunga kwa mwaka mzima na kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Hilo la mwisho huwaangusha wengi. Bei inaandikwa kwa mwezi kwa maandishi makubwa, na chini yake kwa maandishi madogo kuna mkataba wa miezi 12 wenye ada ya kutoka mapema. Kama huo ndio uliosaini, benki ikizuia kadi unaweza bado kudaiwa na kampuni moja kwa moja. Soma ukurasa wa mpango wako kabla ya kudai.

Fundi alikuwa wa mwezi kwa mwezi. Tarehe 8 Julai aliamka mapema kuangalia simu: hakuna mesaji ya kukatwa. Mwishoni mwa mwezi malipo matatu yakarudi, dola 29.97. Kwa shilingi zilipungua kidogo kuliko zilizotoka, kwa sababu kiwango cha kubadilisha dola kilikuwa tofauti siku ya kurudishwa. Ile ada aliyolipia kadi mpya mwezi Mei haikurudi. Zuio aliloweka bado lipo kwenye kadi yake, na tumemwambia aulize benki linaisha lini, maana mazuio mengine huwa na tarehe ya mwisho na ni yeye atakayehitaji kuliongeza.